Sura ya 6: Imeandikwa, Haijafika

Jumatatu asubuhi, chai haijapoa, meneja anauliza swali moja: "Ile sehemu ya mikopo imekwisha?" Kiongozi wa wahandisi anajibu, "Imekwisha, Mama. Inasubiri kupitiwa tu." Meneja anaandika "imekwisha" kwenye daftari lake, kisha anampigia mteja kuthibitisha tarehe. Hakuna aliyesema uongo. Lakini wiki tatu baadaye mteja bado anangoja, na kila mmoja kati ya hao wawili anaamini kwamba mwenzake ndiye aliyemwangusha.

Sura hii inahusu lile neno la mwisho, "tu". Ndani yake mlikuwa na wiki tatu za kazi ambazo mhandisi alizijua kwa mazoea na meneja hakuwa na njia ya kuziona. Kazi ya ripoti ya maendeleo ni kulifungua neno hilo mapema, kwa lugha ambayo mtu asiyewahi kuandika mstari mmoja wa programu ataielewa na kuitumia kuamua jambo.

Nitatumia timu moja ya mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nimeiunda kutokana na timu kadhaa nilizofanya nazo kazi, na tarakimu zake nimezichagua ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Ni wahandisi 7 jijini Dar es Salaam wanaojenga programu ya simu kwa ajili ya SACCOS. Wameahidi kwamba wanachama wataweza kuomba mkopo na kulipa marejesho kwa simu ifikapo Ijumaa, tarehe 20 Juni. Leo ni Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025.

Kinachosubiri ni nini hasa

Programu inayotumiwa na wateja ina nakala moja kuu, ambayo hapa tutaiita shina. Kwenye skrini mara nyingi inasomeka `main`. Mhandisi haandiki moja kwa moja kwenye shina. Anatoa tawi lake, anafanya mabadiliko humo, na akiridhika anaomba tawi hilo liunganishwe na shina. Kwenye GitHub ombi hilo linaonekana kwa jina `Pull request`. Hapa nitaliita ombi la kuunganisha, au ombi tu.

Kati ya kuomba na kuunganishwa kuna hatua mbili. Kwanza kompyuta inaendesha majaribio yake yenyewe, na hiyo huchukua dakika. Kisha mhandisi mwingine anayasoma mabadiliko mstari kwa mstari, anauliza maswali, anataka marekebisho, na mwishowe anaidhinisha. Hatua hii ya pili huchukua saa, siku au wiki, kutegemea msomaji ana nafasi kiasi gani.

Meneja ana haki ya kuuliza kwa nini tusiiruke. Chukua marejesho ya mkopo. Mwanachama anabonyeza kitufe cha kulipa shilingi 50,000, mtandao unakatika kabla jibu halijarudi, na simu inatuma agizo lile lile mara ya pili. Kama aliyeandika hakuweka ukaguzi wa namba ya muamala, seva inaandika malipo mawili. Majaribio ya kompyuta yatapita yote, kwa sababu mwandishi aliandika majaribio ya mambo aliyoyafikiria, na kukatika kwa mtandao hakukumjia. Msomaji wa pili ndiye anayeuliza, "Likija mara mbili je?" Swali hilo moja, likiulizwa kabla ya kuunganisha, linagharimu nusu siku. Likiulizwa na wanachama wenyewe baada ya kusambaza, linagharimu kusahihisha daftari la kila aliyeguswa.

Picha inayomfaa meneja ni ya mizani ya barabarani. Lori lililopakiwa Dar es Salaam na sasa limesimama kwenye foleni ya mizani ya Vigwaza limekwisha pakiwa kweli, na dereva hana deni na mtu. Lakini mwenye mzigo kule Morogoro hajapata kitu. Akitaka kujua mzigo utafika lini, kujua kwamba umepakiwa hakumsaidii. Anahitaji kujua mbele yake kuna malori mangapi na mizani inapima mangapi kwa saa.

Kuihesabu foleni bila kujidanganya

Kabla ya kuandika neno lolote, kiongozi wa timu anapaswa kupata namba mbili: maombi mangapi yamo kwenye foleni leo, na mangapi hutoka kwa wiki. Kwa anayetumia GitHub, amri mbili zinatosha:

```
gh pr list --state open --limit 200
gh pr list --state merged --limit 200 --search "merged:>=2025-05-05"
```

Ya kwanza inaorodhesha maombi yaliyo wazi, ya pili yaliyounganishwa tangu tarehe 5 Mei. Usiache `--limit`. Bila hiyo amri hukomea kwenye maombi 30, na aliye na haraka ataripoti kwamba foleni ina maombi 30 wiki hadi wiki, akidhani haikui.

Timu yetu ilipata maombi 34 yaliyo wazi. Katika wiki 4 zilizopita yalifunguliwa 56 na kuunganishwa 44. Kwa hiyo huingia 14 kwa wiki na kutoka 11. Foleni imeongezeka kwa maombi 12 ndani ya mwezi mmoja, na itaendelea kuongezeka kwa 3 kila wiki pasipo mtu yeyote kuzembea.

Kanuni inayogeuza idadi hiyo kuwa muda ni fupi. John Little aliithibitisha kihisabati mwaka 1961, na leo inaitwa kanuni ya Little: muda wa wastani wa kusubiri ni idadi ya walio kwenye foleni kugawanywa kwa kasi ya kutoka. Kwa timu yetu ni 34 kugawanya kwa 11, yaani kama wiki 3. Ndiyo zile wiki tatu zilizojificha kwenye neno "tu". Ombi linalofunguliwa leo na kufuata zamu yake litaunganishwa yapata tarehe 23 Juni, siku tatu baada ya ahadi.

Lakini ripoti isiishie hapo. Kanuni ya Little ni ya wastani, na inafaa zaidi pale kuingia na kutoka kunapokaribiana. Foleni inayokua, kama hii, inawapa wanaokuja nyuma hali mbaya kuliko wastani unavyoonyesha. Zaidi ya hapo, si maombi yote 34 yanayohusu ahadi yetu. Meneja akiambiwa "34" ataogopa kuliko inavyostahili, au atapuuza kuliko inavyofaa, kwa sababu hajui ndani yake kuna nini.

Kwa hiyo tunayachambua. Kati ya 34, maombi 6 ni rasimu, na waandishi wenyewe wamesema hayajawa tayari. Mengine 5 yametelekezwa: yana zaidi ya siku 60, walioyaandika wamehamia kazi nyingine, na hakuna atakayelia yakifungwa leo. Mengine 4 yameletwa na mtambo unaosasisha maktaba za nje. Yanabaki 19 ya kweli, na kati ya hayo 9 ndiyo ya sehemu ya mikopo. Mengine 10 yana umuhimu wake, ila mteja hayangoji tarehe 20.

Katika yale 9, maombi 3 ni ya sura ya programu na maneno yake, na mhandisi yeyote anaweza kuyasoma. Yatapita wiki hii. Maombi 6 yaliyobaki yanagusa malipo, na habari yote iko hapo.

Lango lenye mtu mmoja

Timu nyingi huweka faili liitwalo `CODEOWNERS`, linalotaja nani lazima aidhinishe mabadiliko ya sehemu fulani. La timu yetu lina mstari huu:

```
/malipo/   @mhandisi-a @mhandisi-b
```

Shina likiwekewa sharti la idhini hiyo, maana yake ni kwamba hakuna badiliko la malipo linaloingia kwenye shina bila idhini ya mmoja wa hao wawili. Ni kanuni ya busara, kwa sababu hao ndio wanaojua jinsi fedha inavyotembea humo ndani. Lakini mmoja wao ameanza likizo ya uzazi katikati ya Aprili, na faili halikuguswa. Tangu hapo lango lina mtu mmoja. Naye huyo huyo anaandika sehemu ya programu, anahudhuria vikao vya mteja, na ndiye anayeitwa malipo yakikwama usiku.

Katika wiki 4 zilizopita aliidhinisha maombi 5, 2, 4 na 1. Jumla 12, wastani 3 kwa wiki. Ile wiki ya ombi 1 ndiyo wiki ambayo seva ya malipo ilisumbua siku tatu.

Meneja akiiona hesabu hii mara nyingi husema, "Basi ajitahidi kidogo." Hapa inafaa kumweleza jambo ambalo linapingana na hisia zetu kuhusu bidii. Foleni hairefuki kwa uwiano na shughuli za anayehudumia. Katika mfano rahisi kabisa wa hesabu za foleni, wenye mhudumu mmoja na wateja wanaokuja bila ratiba, mhudumu aliyeshughulika nusu ya muda wake huwa na wastani wa mtu 1 mbele yake, ukimhesabu na anayehudumiwa. Akishughulika asilimia 80 ya muda, wanakuwa 4. Akifika asilimia 90 wanakuwa 9. Ile asilimia 10 ya mwisho imeizidisha foleni zaidi ya mara mbili. Mtu asiye na nafasi hata kidogo hawezi kulipokea jambo la ghafla bila kila kitu nyuma yake kusogea. Kwa hiyo kumbana zaidi mhandisi wa malipo kunarefusha foleni ile ile tunayotaka kuipunguza. Kinachoifupisha ni kumwondolea kazi nyingine, kumwongezea mwenzake, au kupunguza yanayomjia.

Ombi linalosubiri pia halibaki kama lilivyoachwa. Wakati limesimama, wengine wanaendelea kuunganisha kazi zao, na shina linabadilika. Siku linapofikiwa, skrini inaonyesha `This branch has conflicts that must be resolved`, yaani tawi hili linagongana na shina na lazima mtu apatanishe. Ombi linarudi kwa mwandishi, ambaye kwa wiki mbili amekuwa akifikiria jambo lingine. Anakumbuka upya, anarekebisha, anairudisha kazi kwenye foleni, na msomaji anasoma tena. Lori letu limefika mizani na kuambiwa turubai limelegea, geuza. Ndiyo maana kwenye ripoti umri wa ombi kongwe una uzito karibu sawa na idadi.

Kutoka foleni hadi tarehe

Sasa tarehe inaweza kuhesabiwa waziwazi. Maombi ya malipo yanayosubiri ni 6. Yapo mengine 4 ya sehemu ya mikopo ambayo hayajaandikwa bado, na hayo pia yatapita lango lile lile. Jumla ni 10. Kosa linalojirudia katika ripoti nyingi ni kuhesabu yanayoonekana kwenye foleni na kusahau yaliyo njiani kuja. Baada ya ombi la mwisho kuunganishwa, kuna siku 5 za kazi za kuijaribu programu nzima pamoja na watu wa SACCOS, kisha inasambazwa.

Kwa kasi ya kawaida, maombi 3 kwa wiki, ombi la kumi linaunganishwa Jumanne tarehe 24 Juni. Majaribio yanaisha tarehe 1 Julai, na programu inatoka Jumatano tarehe 2 Julai. Wiki zikiwa ngumu, maombi 2 kwa wiki, ombi la mwisho linaunganishwa Ijumaa tarehe 4 Julai. Jumatatu inayofuata ni Saba Saba, ofisi zimefungwa, hivyo majaribio yanaisha tarehe 14 na programu inatoka tarehe 15 Julai.

Na ile ahadi ya 20 Juni? Inawezekana kihesabu. Maombi 5 kwa wiki kwa wiki mbili yanamaliza 10 ifikapo tarehe 13, na majaribio yanaisha Ijumaa tarehe 20, ikibidi kusambaza siku hiyo hiyo. Lakini kasi ya 5 imeonekana mara moja tu katika wiki 4, nayo ndiyo bora kuliko zote. Kwa maneno ambayo meneja anaweza kuyabeba hadi kwenye kikao cha mteja: tarehe 20 Juni inatimia endapo kila wiki itafanana na wiki yetu bora. Sentensi hiyo haimlaumu mtu wala kuficha kitu, na anayeisikia anajua mara moja achukue tahadhari gani.

Ripoti yenyewe

Ripoti ambayo kiongozi wa timu aliituma inakaa kwenye ukurasa mmoja. Haina amri za kompyuta wala majina ya maktaba, na uamuzi unaotakiwa upo juu, si chini.

*Mama, shikamoo. Natumaini wikiendi ilikuwa njema.*

*Naomba uamuzi wako kabla ya Jumatano, tarehe 4 Juni, kuhusu sehemu ya mikopo. Kwa hali ilivyo leo, haitatoka tarehe 20 Juni. Nategemea itatoka tarehe 2 Julai, na wiki zikiwa ngumu, tarehe 15 Julai.*

*Sababu ni hii. Kazi nyingi imeandikwa, lakini kila badiliko linalogusa fedha za wanachama lazima lisomwe na mhandisi wa malipo kabla halijaingia kwenye programu. Usomaji huo ndio unaotukinga na makosa kama rejesho moja kuandikwa mara mbili. Yapo mabadiliko 6 yanayomsubiri na mengine 4 yatamfikia ndani ya wiki mbili. Tangu mwenzake aende likizo amebaki peke yake, na kwa wastani anapitisha 3 kwa wiki. Kuna kosa langu hapa: likizo ile niliijua tangu Februari na sikupanga mbadala.*

*Nimeona njia tatu.*

*Ya kwanza ni kumwazima mhandisi mmoja kutoka timu ya akaunti, siku mbili kwa wiki, asome malipo. Wiki ya kwanza atakuwa anajifunza. Kuanzia ya pili natarajia wapitishe 5 kwa pamoja, na programu itoke tarehe 25 Juni. Gharama yake ni kwamba taarifa za mwezi za wanachama zitachelewa. Tarehe hii naiamini kidogo kuliko nyingine, kwa kuwa sijawahi kuipima kasi yake kwenye kazi hii.*

*Ya pili ni kutoa programu bila sehemu ya wadhamini, ambayo itafuata baadaye. Wanachama wataomba mkopo na kulipa kwa simu, ila fomu ya wadhamini wataendelea kuijaza ofisini kama sasa. Mabadiliko yanapungua kutoka 10 hadi 7. Nategemea tarehe 25 Juni, na wiki zikiwa ngumu, tarehe 3 Julai.*

*Ya tatu ni kufanya yote mawili. Hapo tarehe 20 Juni inafikika, lakini bila siku hata moja ya akiba.*

*Mimi napendekeza ya pili. Vyovyote utakavyoamua, naomba mambo mawili: mhandisi wa malipo asiitwe kwenye vikao vya mteja hadi kazi hii itoke, na mabadiliko mengine ya malipo yasiyo ya mikopo yasubiri. Yale maombi 5 yaliyotelekezwa nimeyafunga leo, kwa hiyo idadi itashuka. Hilo ni kufagia tu, lisihesabiwe kama kasi.*

*Nitakuandikia kila Jumatatu namba mbili: mabadiliko yaliyopita na yaliyobaki.*

Ile aya inayomtaja mhandisi aliye likizo ndiyo ngumu kuiandika vizuri. Imetaja mahali kazi ilipokwama na kwa nini, na papo hapo imeonyesha kwamba aliye likizo hana kosa, aliyebaki hana kosa, na mpango ndio uliopungua. Meneja asiye mhandisi akisoma kwamba "mhandisi wa malipo anachelewesha" atamwita huyo mtu ofisini. Akisoma kwamba lango limebaki na mtu mmoja, atatafuta wa pili. Ukweli uliomo ni ule ule, ila matokeo kwa mtu huyo yanatofautiana sana.

Angalia pia sentensi ya kufagia. Foleni ikishuka kutoka 34 hadi 29 kwa siku moja, meneja angeweza kudhani mambo yameanza kwenda, na wiki ijayo angeshangaa tarehe haikusogea. Namba ambayo haiwezi kusomwa vibaya haipo, kwa hiyo anayeiandika anatangulia kusema inamaanisha nini na haimaanishi nini.

Jibu la kuogopa

Meneja alisoma, akapiga simu. Swali lake la kwanza lilikuwa lile ambalo karibu kila meneja huliuliza: "Hamwezi kuyapitisha haraka haraka, mkasahihisha baadaye?"

Hili lijibiwe kwa upole na bila kuyumba, kwa sababu ndilo suluhisho pekee linaloonekana halina gharama. Gharama yake ipo, ila inahamia kwenye siku 5 za majaribio, na isipogundulika hapo inahamia kwa wanachama. Dalili zake zinaonekana mapema kwa anayejua pa kutazama. Ombi lenye mistari mia kadhaa linaidhinishwa ndani ya dakika tano bila swali hata moja. Siku mbili baadaye yanafunguliwa maombi mapya ya kurekebisha kile kilichoidhinishwa. Kasi ya kutoka inapanda kwenye ripoti, huku kazi iliyobaki haipungui, kwa sababu kila kinachotoka kinazaa kingine kinachoingia. Kiongozi wa timu akiona namba ya kutoka imeruka ghafla kutoka 3 hadi 8 bila mtu kuongezwa langoni, afungue hayo maombi 8 ayasome mwenyewe kabla hajampelekea meneja habari njema.

Kipo kinachoharakisha usomaji kwa haki, nacho ni ukubwa wa ombi. Msomaji hulipitia ombi dogo kati ya kazi mbili, lakini la mistari elfu analiahirisha hadi apate mchana mzima, na mchana huo haupatikani. Kwa yale maombi 4 ambayo hayajaandikwa, timu ilikubaliana kuyagawa kila linapogawanyika. Hapo ripoti inabeba onyo jingine: ukigawa ombi moja kuwa matatu, idadi kwenye foleni inapanda ingawa kazi ni ile ile. Timu yetu iliamua kuendelea kuhesabu vipande vya awali katika barua za meneja, na vipande vidogo vibaki hesabu ya ndani ya wahandisi. Kipimo kikibadilika katikati ya safari, tarehe zote zilizotangulia zinapoteza maana.

Meneja alichagua njia ya pili. Akauliza swali la pili, nalo lilikuwa zuri: "Nimwambie mteja 25 Juni au 3 Julai?" Kiongozi wa timu alimjibu kwamba 25 ni tarehe ya kujipanga ndani ya ofisi, na 3 Julai ni tarehe ya kumpa mtu wa nje. Mteja wa SACCOS atawatangazia wanachama wake, huenda kwenye mkutano, na neno lililotangazwa mkutanoni halirudishwi. Ndani ya ofisi tarehe ikisogea siku mbili, zinasogea karatasi tu.

Jumatatu iliyofuata

Tarehe 9 Juni ripoti ilikuwa na mistari mitatu:

*Mama, shikamoo. Wiki iliyopita yalipita mabadiliko 2, si 3, kwa sababu moja lilirudishwa kwa mwandishi: rejesho lililotumwa mara mbili lilikuwa linaandikwa mara mbili. Yamebaki 5 kati ya 7. Tarehe ya ndani imesogea kutoka 25 hadi 27 Juni, na uliyompa mteja, 3 Julai, inabaki.*

Meneja hakupiga simu. Aliisoma, akafuta tarehe moja kwenye daftari lake na kuandika nyingine, akaendelea na chai. Wiki ilikuwa mbaya na kazi ilichelewa, lakini hakuna aliyelazimika kumwomba mteja radhi. Na mwanachama ambaye mtandao wake utakatika akiwa analipa hatajua kamwe kwamba jina lake lilikuwa kwenye foleni ile, likisubiri mtu mmoja aulize, "Likija mara mbili je?"